Kabla ya kulipia boti ya machweo Lamu, uliza upepo unatoka wapi

Wasee, kuna kitu kinaniudhi. Mtu anaweka doo miezi minne ampeleke mpenzi wake Lamu, anasoma kuhusu hoteli mpaka macho yanauma, halafu boti ya jioni anaichagua kwa kuangalia picha ya mito na taa. Boti inasukumwa na upepo, buda. Mito haisukumi kitu.

Najua kwa sababu nilikosea mimi mwenyewe. Ilikuwa Julai mwaka juzi, tukalala Shela, na hapo ufukweni tukapata mashua ya kututembeza masaa matatu. Mashua ni ile ya tanga moja la pembe tatu, ndogo kuliko jahazi, na ndiyo utakayopata mara nyingi ukiwa wawili tu. Tuliondoka saa kumi na moja na upepo mgongoni. Manze, ilikuwa tamu! Boti imetulia, hakuna tone la maji, mrembo amejilaza, mimi nashuti video. Tukapita mji wa Amu, jua likazama, tukapiga makofi.

Halafu tukageuka kurudi.

Julai ni msimu wa kusi, upepo unaotoka kusini, na Juni mpaka Agosti huwa na nguvu kweli. Shela iko kusini mwa mji wa Amu, kama kilomita tatu hivi. Kwa hivyo ule upepo uliotubeba kwa ulaini sasa ulikuwa usoni. Tanga haliwezi kwenda moja kwa moja kwenye upepo, lazima mabaharia wabishe, yaani boti iende zigizaga kutoka upande wa Manda hadi upande wa Amu, na kila kona wahamishe foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Boti ikalala upande, maji yakaanza kuturukia, na giza kwetu huku karibu na ikweta haliji polepole. Nusu saa baada ya jua kuzama hauoni mkono wako vizuri. Mrembo alikuwa na kigauni chepesi, ameloa, anatetemeka, na haogelei. Laifjaketi tulikuwa tumeikalia kama mto. Mwishowe wakawasha injini, tukamalizia safari tukinusa petroli. Hatukuongea mpaka asubuhi.

Kosa halikuwa la upepo, na kusema ukweli hata la mabaharia sikuliona kubwa. Mimi ndiye niliyetaka masaa matatu kuanzia Shela, na hakuna aliyenilazimisha.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Wakati wa kusi, anzieni Amu mjini, mwende Shela kwanza. Ile kazi ya kubisha ifanyike mapema, jua likiwa bado juu, nguo zikipata maji zinakauka, na mrembo anaona kinachoendelea badala ya kukisikia gizani. Kurudi mnarudi na upepo mgongoni, na hiyo ndiyo saa ya kushikana mikono. Kama mmelala Shela, fanyeni safari ya njia moja: tanga mpaka Amu, mle chakula cha jioni mjini, halafu mrudi kwa boti ya injini. Kuna watu watasema hiyo si romansi. Sawa, waende wakaloe.

Mwaka jana beshte yangu aliniomba nimpangie. Alikuwa anataka kumwambia dem wake jambo zito, na huyo dem anaogopa maji vibaya sana. Ilikuwa Julai tena. Nikamwambia tuanze na saa ya jua, tuhesabu kurudi nyuma. Lamu jua halizami saa ileile mwaka mzima. Novemba mapema huzama kama saa kumi na mbili na dakika tano, Februari karibu na saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano, Julai katikati hapo, kama dakika ishirini. Kwa hivyo Julai, tulitoka gati la Amu saa kumi na nusu. Kubisha mpaka karibu na Shela kulichukua kama saa moja hivi. Saa kumi na mbili kasorobo tulikuwa tumeshageuka, tanga limelegezwa, tumesogea upande wa Manda. Masaa mawili na kidogo yote kwa jumla, na nadhani hayo yanatosha. Mashua haina choo, viti ni mbao, na baada ya masaa mawili mgongo unaanza kukumbuka mambo yake.

Mbona upande wa Manda? Kwa sababu pwani yetu inatazama mashariki. Jua la Kenya linachomoza baharini, halizami baharini. Ukienda bahari kuu jioni utaona jua linazama nyuma yako juu ya nchi kavu, na mawimbi yanakupiga bure. Ukikaa kwenye mlango wa maji kati ya Manda na Amu, maji yametulia na unatazama magharibi, mji mzima wa kale mbele yako, minara na minazi imegeuka weusi na jua nyuma yake. Hiyo ndiyo picha mnayoitaka.

Kitu kingine ambacho hakuna mtu huniuliza ni tanga lenyewe. Tanga ni kubwa, na likiwa upande wa magharibi linaziba jua lote. Nilimwambia nahodha kabla hatujaondoka, "Ami, wakati wa jua tunaomba tanga lisiwe upande wa mji." Akacheka, akasema, "Kijana, wengi huniambia jua likishaingia ndani." Kulihamisha ni kazi ya watu wawili, kwa hivyo usimwamshe nayo dakika ya mwisho. Na wakati wa kubisha, mkalishe mpenzi wako joshini, upande upepo unakotoka. Upande huo huinuka na hauna maji mengi. Demani, upande wa pili, ndiko boti inakolalia na ndiko maji yanakoingia. Boti ikigeuka, nahodha atawaambia mhame, mhame haraka na vichwa chini.

Kama mpenzi wako anaogopa kabisa, acheni Julai. Nendeni Januari au Februari, wakati wa kaskazi. Upepo huo unatoka kaskazini mashariki, kwa hivyo kati ya Amu na Shela unakuja zaidi ubavuni, kwenda na kurudi, na hamna haja ya kubisha sana. Kwenye maleleji, kati ya misimu, upepo unaweza kukosa kabisa na mkasukumwa na injini safari nzima. Wengine wanasema boti yenye injini si ya asili. Mimi nasema iwepo, ila izimwe mpaka itakapohitajika.

Beshte alilisema jambo lake saa kumi na mbili na robo, tanga limelegea, laifjaketi zimefungwa vizuri juu ya nguo nzuri. Kwenye video hazipendezi, najua. Dem alikuwa amejifunga leso, miguu tu ndiyo iliyoloa. Alijibu ndiyo kabla hajamaliza kuuliza, halafu akamgeukia nahodha na kumuuliza kama kesho kuna nafasi.

Akamwambia ipo, ila waje nusu saa mapema, kwa sababu maji yatakuwa yamepwa na ngazi za gati zina utelezi.