Bili ya Maji Isomwe Kabla ya Kulalamikiwa

Neno "matumizi" katika bili ya maji huwapotosha wengi. Aliyezoea kuona uniti 20 hushtuka akitozwa 70, akadhani ameibiwa. Lakini mita haijui matumizi. Huhesabu tu maji yanayopita ndani yake, yawe yamenywewa au yamevuja. Na uniti zinazotajwa katika bili ni tofauti tu baina ya nambari mbili: iliyosomwa awali na iliyosomwa sasa.

Hivi majuzi jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alinionyesha bili ya namna hiyo. Nambari ya awali ilikuwa 412, ya sasa 482. Tofauti uniti 70. Uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Tulipozipanga bili zake za nyuma, tuligundua kwamba kwa miezi mitatu mfululizo mita haikusomwa. Kila mwezi alikadiriwa uniti 6. Nambari halisi ya mwisho ilikuwa 394. Kwa hivyo, uniti 88 zilitumika kwa miezi minne, sawa na 22 kwa mwezi. Hapakuwa na wizi wowote.

Dhuluma, hata hivyo, ilikuwapo. Bei ya maji yetu hupanda kwa ngazi: atumiaye uniti nyingi katika mwezi mmoja hulipia zile za juu kwa bei kubwa zaidi. Uniti za miezi minne zikirundikwa katika mwezi mmoja, familia hutozwa bei isiyoistahili. Basi dai la haki si kufutiwa uniti, bali zigawanywe upya kwa miezi zilimotumika.

Je, iwapo bili za nyuma hazikuwa za makadirio? Hapo sharti tuiendee mita yenyewe. Zisome tarakimu nyeusi pekee, kwani nyekundu ni sehemu tu za uniti. Ikiwa nambari iliyo kwenye mita ni ndogo kuliko ile ya bili, mita ilisomwa vibaya.

Ikiwa zinaafikiana, funga mifereji yote pamoja na vali ya kuingiza maji tangini, kisha uitazame nyota ndogo iliyo usoni pa mita. Ikizunguka, bomba linavuja mahali fulani baada ya mita. Ikitulia, ifungue vali ya tangi na usubiri lijae. Nyota isipokoma kuzunguka hata baada ya hapo, ilhali hakuna anayetumia maji, aghalabu boya la tangi limeharibika au choo kinavuja kimyakimya.

Ipeleke kampuni barua yenye tarehe na nambari ulizozisoma. Isipokuridhisha, Sheria ya Maji ya 2016 imeweka bodi ya kudhibiti huduma za maji, na malalamiko ya watumiaji ni sehemu ya kazi yake. Mlalamishi mwenye nambari mkononi si rahisi kupuuzwa.