Maneno Machache Chini ya Picha ya Marehemu

Majuzi binamu yangu, mwanafunzi wa chuo, alinijia na simu mkononi. Zilikuwa zimebaki siku mbili mwaka utimie tangu shangazi yetu aage dunia, naye alitaka kuiweka picha yake mtandaoni pamoja na maneno ya kumkumbuka. Alikuwa ameandika hivi: "Shangazi mpendwa, pengo uliloacha halizibiki. Alikuwa mtu wa watu. Lala salama."

Hakuna neno baya hapo. Lakini hebu yasome tena. Yanaanza kwa kumwambia marehemu, "uliloacha", yanawageukia wasomaji kwa "alikuwa", kisha yanamrudia marehemu kwa "lala". Ikiwa unazungumza naye, baki na "wewe" hadi mwisho. Ikiwa unawasimulia watu habari zake, baki na "yeye".

Isitoshe, maneno hayo yangemfaa marehemu yeyote. Nikamwuliza binamu, "Ukimtaja shangazi, unakumbuka nini?" Akatabasamu, akasema kwamba shule zilipokaribia kufunguliwa, cherehani ya shangazi haikunyamaza hadi usiku wa manane. Alikuwa akipinda sare za watoto wa majirani, na wasiokuwa na pesa hakuwadai. Nikamwambia aandike hilo.

Alitaka pia kumwita "hayati". Neno hilo si kosa, ila limezoeleka zaidi kwa watu mashuhuri, kama tusemavyo Hayati Mzee Jomo Kenyatta. "Marehemu" humfaa kila mtu. Lakini kwa aliyekulea, "Shangazi" peke yake latosha, nalo lina heshima yake.

Kabla ya kuituma picha, nilimsihi ampigie simu binti ya marehemu. Ilikuwa heri. Binamu alikuwa amechagua picha ya miezi ya mwisho, shangazi akiwa amejifunga kitambaa kichwani. Binti akamweleza kwa upole kwamba mamake alijifunga hivyo kwa sababu dawa zilikuwa zimemnyonyoa nywele, na hakupenda watu wajue. Akatuletea nyingine, mama ameketi kwenye cherehani yake, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Habari za ugonjwa hatukuzigusa kabisa.

Mwishowe maneno yakawa haya:

"Shangazi, leo ni mwaka mmoja tangu ututoke. Kila shule zinapofunguliwa, tunaikumbuka cherehani yako na sare ulizopinda bila kudai hata senti. Tunakukumbuka kwa upendo. Ni sisi wanao, wajukuu na jamaa wote."

Hayo ni maneno yasiyozidi thelathini na watano, na mtu huyasoma yote kabla hajaondoa macho kwenye picha. Jioni hiyo kijana mmoja wa mtaani kwao alijibu kwamba suruali yake ya kwanza ya sekondari ilipindwa na shangazi, na kwamba hadi leo mamake hajaitupa.