Ngaramtoni haikutoka mtoni

Ukitoka Themi ukashika barabara ya Namanga, hupiti mbali kabla ya kufika Ngaramtoni. Sikio la Mswahili halipati taabu na jina hili. Linanasa "mtoni", jicho linaona vijito vinavyoteremka kutoka Mlima Meru, na hadithi ya asili ya jina inakuwa imekwisha kujitunga.

Tatizo linaanza na ile nusu ya kwanza. Engare ni Kimaasai: maji, na pia mto. Kwa hiyo tunaombwa tuamini kwamba Waarusha, ambao lugha yao ni hiyo ya Kimaasai, waliuita mto wao kwa neno lao kisha wakaazima la Kiswahili kurudia jambo lile lile. Tazama majirani. Ngarenaro, hapo mjini, ni engare narok, maji meusi. Ngarenanyuki, upande wa pili wa Meru, ni maji mekundu. Yote mawili yana "na" katikati kwa sababu engare ni nomino ya kike, na sifa yake hufuata jinsia hiyo. Mlima ni wa kiume, ndiyo maana ule wa Namanga ni Oldoinyo Orok, si Narok. Majina haya yana sarufi, na maelezo yoyote yasiyoijali sarufi hiyo yatiliwe shaka mapema.

Ushahidi mzito zaidi uko jirani kabisa: Olmotonyi, penye chuo cha misitu. Hapo hakuna "ngare" wala mto wa kusingizia, bali "ol", kiambishi cha nomino ya kiume, na motonyi, yule ndege mkubwa mla mizoga, tumbusi. Rudisha neno hilo baada ya engare, upate maji ya tumbusi. Sauti ya "nyi" mwishoni ililainika midomoni mwa wasemaji wa Kiswahili ikawa "ni", na tangu hapo "mtoni" ikawa inasubiri tu kuandikwa.

Hata hivyo sarufi ina mpaka. Inatuambia maneno ni yapi. Haituambii tumbusi walifuata nini pale. Mtu akikuletea kisa cha ng'ombe waliokufa kwa ukame, kisa hicho kitafute ushahidi wake chenyewe, maana jina halikithibitishi.

Kufanana kwa majina nako kunapotosha. Meru yetu na Meru ya Kenya zimezaa hadithi za udugu, ilhali Kimeru cha huku kinakaribiana na Kichaga, na cha kule kinakaribiana na Kikuyu.

Kwa hiyo katika toleo hili tumewaomba waandishi waoneshe, kwa kila jina, lugha linakotoka, matamshi ya wenyeji wazee, na majina ya jirani yenye umbo kama lake. Makala mbili zilizokuja na hadithi tupu, tamu kweli kweli, tumezirudisha kwa wenyewe.