Kiti cha Dereva na Mgongo Unaouma



Dada mmoja anayefundisha shule ametuandikia. Kiuno chake kimekuwa kikimuuma kwa miaka mingi, na kila siku hukaa kwenye usukani takriban saa mbili, kwenda na kurudi. Jamaa zake wamemwonyesha magari mawili yadini. La kwanza ni dogo na la chini, la pili lina kimo cha juu na ni rahisi kuingia. Wote wanamshauri achukue la pili. Yeye ni mrefu, na auliza: je, wanasema kweli?

Kabla ya kujibu, tutenganishe kasoro za aina mbili. Ziko zinazorekebishika baada ya kununua. Egemeo lisilojaza mbonyeo wa kiuno hujazwa kwa taulo ndogo iliyokunjwa na kuwekwa usawa wa mkanda wa nguo. Sponji iliyolala hubadilishwa na fundi wa viti. Ila kama kiti kina mfuko wa hewa ubavuni, fundi asishone juu yake. Lakini ziko zisizorekebishika kwa urahisi, nazo ni masafa ya usukani, mahali pa kanyagio na kimo cha kiti. Hizi ndizo za kuchunguza kabla ya kutoa pesa.

Dada aanze na kiti. Asukume makalio hadi mwisho wa egemeo, kisha asogeze kiti mpaka aweze kukanyaga breki hadi chini na goti likiwa bado limekunjika kidogo. Baina ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Nyonga ziwe sawa na magoti au juu yake kidogo. Zikiwa chini, fupanyonga hupinduka nyuma, kiuno hupoteza mbonyeo wake, na uzito huzielemea diski za uti wa mgongo. Gari la chini hulaumiwa kwa sababu hii. Hata hivyo, baadhi yana wenzo wa kuinua kiti, kwa kawaida ubavuni upande wa mlango. Ukiwapo, akiinue, mradi kichwa kisikaribie dari.

Kisha auegemeze mgongo, uinamie nyuma kidogo tu, na anyooshe mkono juu ya usukani. Kifundo cha mkono kikifika juu ya duara na mabega hayajaachana na egemeo, masafa yanafaa. Kifua nacho kisikaribie usukani chini ya sentimita 25, kwa ajili ya mfuko wa hewa.

Hapa ndipo gari la pili linapomwangusha. Amesema usukani wake hupanda na kushuka, lakini hauvutiki kuja kwa dereva. Mtu mwenye miguu mirefu hulazimika kurudisha kiti nyuma, na usukani unabaki mbali. Mabega yataliacha egemeo, na kiti kizuri namna gani hakitamfaa, kwa kuwa hakiegemei. La kwanza lina wenzo wa kiti na usukani unaovutika. Kwa kimo chake, hilo ndilo la kulifikiria kwanza. Mtu mfupi huenda akapata jibu jingine, na hata magari ya jina moja hutofautiana, basi kila mtu apime mwenyewe.

Magari mengi ya yadini yamekwisha tumika, na kiti cha dereva huchoka upande wa mlango, kwani hapo ndipo pa kuingilia. Akibonyeze kwa ngumi pande zote mbili, akilinganishe na cha abiria. Kikizama upande mmoja, nyonga moja itakuwa chini na mgongo utapinda kutwa. Aangalie pia kama kanyagio ziko mbele ya miguu au zimesogea kando. Gia za otomatiki zitamwepusha na klachi, ambayo kwenye foleni hukanyagwa mara nyingi.

Aende yadini na buibui analoendeshea. Akae kwanza, kisha aingize miguu yote miwili pamoja badala ya kujipinda, na asikalie mkunjo wa nguo. Akae nusu saa, kisha aombe kuliendesha kwenye matuta. Dakika tano hazitoshi: maumivu ya kiuno huja baadaye.

Hata kiti kizuri hakiponyi. Safarini ashuke atembee kidogo kila baada ya saa moja hivi. Na mguu ukifa ganzi au kulegea, au haja ndogo ikamshinda kuizuia, hilo si jambo la kiti tena. Aende hospitali siku hiyo hiyo.