Kupaka si Kari

Kwani kitenzi kilikosa nini? Fungua menyu ya hoteli ya vyakula vya Pwani, iwe Mombasa au Nairobi. Kwa Kiswahili imeandikwa samaki wa kupaka. Chini yake, kwa Kiingereza: "fish in coconut curry". Jikoni, hicho ni chakula kingine kabisa.

Anayepikwa ndani ya tui ni samaki wa nazi. Tui jepesi hutangulia, tui zito huingia mwishoni ili lisikatike. Samaki wa kupaka haogelei. Anachanjwa, anatiwa chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, kisha anawekwa juu ya makaa. Kando, tui zito linapikwa na pilipili na ukwaju, likikorogwa mpaka liwe rojo. Anapakwa rojo hilo, anageuzwa, anapakwa tena, mpaka ashike rangi na moshi. Kupaka ndiyo mapishi yenyewe. Ukilifuta neno hilo, umefuta moto, moshi na mkono wa mpishi. Mteja aliyetarajia mchuzi wa kuchovya chapati ataletewa samaki wa makaa, atalalamika, na weita ndiye atakayejibu.

Ladha nayo inachinjwa vivyo hivyo. Pilau ina viungo, si lazima iwe na pilipili inayowasha. Bizari nyembamba, iliki, mdalasini na karafuu zinanukia tu. Lakini menyu inasema "spicy rice", na mgeni anayeogopa kuwashwa anaagiza chipsi. Bana! Kiingereza kina "spiced" kwa viungo na "hot" kwa pilipili. Maneno yapo, ni sisi tumeyachanganya.

Na ukwaju je? Ule uchachu ndio unaokata uzito wa nazi. Ukiandika nazi peke yake, msomaji anawazia kitu kitamu na kizito, basi.

Najua jibu: menyu si kamusi, nafasi ni mstari mmoja. Sawa, mstari mmoja unatosha. Jina libaki la Kiswahili, ifuate njia ya kupika, kisha ladha: "Samaki wa kupaka: whole fish grilled over charcoal, brushed again and again with thick coconut and tamarind." Baada ya jina ni maneno 14 tu. Hakuna "curry", hakuna "exotic", na mgeni anajua anachoagiza.

Ila kabla ya kuandika, ingia jikoni uulize. Kuna majiko ambayo samaki anakaangwa kwa mafuta, kisha anamwagiwa rojo juu. Hapo usiandike makaa kwa sababu tu yanapendeza. Andika amekaangwa, halafu muulize mwenye hoteli swali gumu zaidi: kama hakuna anayepaka, hilo jina la Kiswahili linafanya nini hapo?