Kadi Imeandikwa “Mkulima”

Boila za injini za mvuke zilivikwa asibesto. Tuchukue fundi wa reli aliyeibandua Tabora mwaka 1975, leo mstaafu analima Itetemia. Nyuzi alizovuta hukaa kwenye utando wa mapafu miaka 20 hadi 50 ndipo saratani, mesothelioma, ijitokeze. Sasa anahema, kifua kinauma upande mmoja, maji yamejaa. Kwa kuwa kwetu maji hayo mara nyingi ni kifua kikuu, anapewa dawa za miezi 6. Maji yanarudi, mwili unakonda, na kipande cha utando hakijakatwa kikapimwa. Msiniambie tatizo ni uhaba wa mashine tu! Kuuliza “ujanani ulifanya kazi gani?” hakuhitaji bajeti. Kadi yake imeandikwa “mkulima”.