Basi la Usiku Lina Mbio Kuliko Waifai Yako

Wacha niseme hii kitu mara moja, halafu mnitusi mkitaka: mtu akikuambia "we aplodi tu" na una terabaiti sita za kutuma, huyo mtu hajawahi kugawanya. Hajakaa chini na kalkuleta ya simu hata dakika mbili. Na mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo msiniambie hii hesabu inataka digrii.

Mwaka jana nilipewa kazi ya kushuti dokumentari ya wavuvi huku Pwani. Kamera tatu na droni, wiki mbili, kila kitu kwa 4K. Tulipomaliza nilikuwa na terabaiti sita kwenye diski zangu Mombasa. Klayenti yuko Nairobi. Akasema, na namnukuu vile nakumbuka, "Siku hizi nani anabeba diski? Weka kwa klaudi, sisi tutachukua." Mimi nikaona aibu kubisha. Nilidhani nikisema nataka kubeba diski nitaonekana mshamba, yule jamaa bado anapeleka sinema kwa flashi. Nikasema sawa bosi.

Sasa sikiza hesabu ambayo ningefanya kabla ya kusema sawa.

Ruta yangu ni ya laini ya simu. Kifurushi kiliandikwa megabiti 40, na mimi kama mjinga nikaamini ni 40 pande zote. Hapana. Hiyo 40 ni ya kushusha. Mtandao wa aina hii umepangwa hivyo makusudi, sehemu kubwa ya nafasi ya hewani inapewa kushusha kwa sababu watu wengi wanatazama video, hawatumi. Nikipima kupakia, napata megabiti 10 kwa sekunde. Halafu kuna mtego wa pili ambao unaumiza watu kila siku: hizo ni megabiti, si megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hivyo megabiti 10 ni megabaiti moja na robo kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 86,400 za siku nzima, unapata gigabaiti 108. Hapo ndio mwisho wa siku yako, ruta ikikimbia usiku na mchana bila kupumua, na hakuna mtu nyumbani anayeangalia mpira.

Terabaiti sita ni gigabaiti 6,000. Gawanya kwa 108. Siku 55 na nusu.

Dedilaini yangu ilikuwa wiki tatu.

Na hiyo 55 ni ya peponi. Duniani kuna stima. Nilikuwa napakia kupitia brauza, na nilikuwa na faili moja ya gigabaiti 90, mahojiano marefu ya mzee mmoja nahodha. Faili kama hiyo peke yake inataka saa 20. Ikafika asilimia 70, stima ikapotea, na iliporudi brauza ikaanza sifuri. Saa 14 zimeenda hivyo. Siku ya 11 nilikuwa bado sijafikisha terabaiti moja. Klayenti akaanza kupiga simu, nami nikaanza kutopokea. Mwishowe alituma kijana kuja kuchukua diski, na mimi nikakatwa nusu ya pesa kwa kuchelewesha kazi. Yaani diski zilienda Nairobi kwa basi vilevile, ila sasa gharama ilikuwa juu yangu.

Kinachonichoma si pesa peke yake. Ni kwamba basi lilikuwa limepaki pale siku zote.

Fikiria basi kama waya. Linatoka Mombasa saa tatu usiku na linafika Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, saa tisa njiani. Ndani ya begi langu kuna terabaiti sita. Ukigawanya biti zote hizo kwa sekunde za safari, unapata karibu megabiti 1,500 kwa sekunde. Mara 150 ya ruta yangu! Na dereva amesimama Mtito watu wanunue chai.

Najua kuna msee tayari anaandika "lakini umesahau muda wa kukopi." Sijasahau, na hapo ndipo watu wa diski nao hudanganya. Safari si basi peke yake. Diski ya kawaida ya kubeba, ile ya kuzunguka ndani, inaandika kama megabaiti 100 kwa sekunde ikiwa na siku nzuri. Kwa hivyo kukopi terabaiti sita ni saa 17 hivi. Ongeza basi, saa tisa. Nairobi, ofisi ya klayenti ina waya wake wa kukodi wa megabiti 500 kupanda na kushuka sawasawa, na kutoka hapo kwenda klaudi ni saa 27 kwenye karatasi, tuseme 36 kwa ukweli. Jumla ni saa 62. Siku tatu hazijaisha. Weka hiyo kando ya siku 55, halafu niambie tena nani ni mshamba.

Na mjue hao wanaouza klaudi wenyewe wanajua hivi. Amazon, ambao biashara yao ni kukuambia weka vitu kwetu, mwaka 2015 walitoa sanduku lililoitwa Snowball: walikuwa wanakutumia, unajaza data, unawarudishia. Mwaka 2016 wakaleta Snowmobile, ambalo ni lori. Lori kabisa, na kontena, la kubeba petabaiti 100. Petabaiti moja ni terabaiti elfu. Mzigo wa lori hilo ukiupitisha kwenye waya wa gigabiti 10, ambao hakuna mtu namjua anao nyumbani, ni zaidi ya miaka miwili na nusu. Lori lenyewe waliliacha 2024, sawa, na sitaficha hilo. Nyaya za wateja wakubwa zimekua. Za kwangu hazijakua.

Ama waulize wanasayansi wa Event Horizon Telescope, wale waliotoa picha ya kwanza ya shimo jeusi Aprili 2019. Walipiga data mwaka 2017 kwa darubini zilizotawanyika dunia nzima, karibu petabaiti tano, na zote zilisafiri kwa diski ndani ya ndege. Lakini hapa kuna funzo la upande wa pili. Darubini mojawapo iko Ncha ya Kusini, na wakati wa baridi kule ndege haziruki. Diski zake zilikaa kutoka Aprili hadi zikafika Marekani Desemba. Diski inaweza kuwa na upana mkubwa kuliko waya wako, lakini biti ya kwanza haifiki mpaka ya mwisho nayo ifike. Waya unaanza kukuletea kitu sekunde hiyohiyo.

Ndiyo maana sisemi kila kitu kibebwe. Kigezo changu siku hizi ni rahisi: nahesabu safari nzima ya diski, pamoja na kukopi pande zote mbili, nauliza ni siku ngapi. Kwangu ni tatu. Halafu nauliza, ruta yangu ingepakia ngapi ndani ya siku hizo tatu? Gigabaiti 324. Chini ya hapo naaplodi na kulala. Juu ya hapo, tiketi. Wewe ukiwa na megabiti 100 za kupakia, mpaka wako unasogea hadi terabaiti tatu na kidogo. Pima kupakia kwako, usisome kilichoandikwa kwa kifurushi.

Sasa kitu ambacho kitakuua ukibeba diski si wezi, ingawa wezi wapo, na mimi hufunga diski kwa VeraCrypt ili akiiba abaki na chuma tu. Kitu kitakuua ni kudhani kukopi kumeisha. Kompyuta inakuonyesha mstari umejaa, unachomoa, unaenda zako. Ila taa ya diski ilikuwa bado inapepesa, kwa sababu mashine ilikuwa imeshika sehemu ya mwisho kwenye memori yake na haijaiandika. Jina la faili lipo, ukubwa unaonekana sawa, na ukifungua Nairobi, nusu ya mahojiano ni kijivu. Imenipata. Bahati yangu nakala ya kwanza ilikuwa bado nyumbani.

Kwa hivyo sasa, kabla sijatoka, natengeneza orodha ya alama za kila faili. Alama hiyo ni kama alama ya kidole: biti moja ikibadilika, alama nzima inabadilika. Kwenye Linux naingia kwa foleda yenyewe na kuandika:

```
find . -type f ! -name orodha.txt -exec sha256sum {} + > orodha.txt
```

Hiyo `orodha.txt` nakopi pamoja na kila kitu. Nikifika upande wa pili, baada ya data kushushwa kwenye mashine yao, nasimama ndani ya foleda yao na kuandika:

```
sha256sum -c --quiet orodha.txt
```

Ikinyamaza, kila faili imefika mzima. Ikitaja jina, hilo jina ndilo limeharibika au halipo, na unapiga simu nyumbani. Inachukua saa nyingi kwa terabaiti sita, kwa sababu lazima isome kila kitu upya. Acha ichukue. Na nakala ya Mombasa haifutwi mpaka hiyo amri inyamaze, hata klayenti akiapa kwa mama yake kwamba ameona video zote zinacheza. Ameona dakika mbili za kwanza za kila moja, namjua.

Kejeli ambayo hainitoki ni hii. Nyaya za baharini zinazoleta intaneti Kenya, SEACOM na TEAMS za tangu 2009, zinatua hapahapa Mombasa. Ziko chini ya maji ambayo wavuvi wangu walikuwa wakivua. Halafu faili zangu zinapanda basi kwenda bara kutafuta waya.

Leo usiku naaplodi gigabaiti 40 za kazi ndogo, na itakuwa imeisha kabla sijaamka. Ile nyingine ni terabaiti nne. Klayenti ni mpya, naye pia alianza na "weka tu kwa klaudi." Nilimtumia hesabu, siku 37, akanyamaza kama dakika kumi, kisha akauliza basi linafika saa ngapi.